Nimepokea ankara yangu ya kwanza: kila sehemu inamaanisha nini, na nilipe kiasi gani?

Mlezi_Kihonda

Habari za asubuhi wanajukwaa. Ninasimamia chekechea ndogo hapa Kihonda, Morogoro, na hadi sasa manunuzi yetu yote tumekuwa tukiyafanya kwa fedha taslimu dukani, kwa hiyo sijawahi kuletewa ankara. Mwezi uliopita tuliagiza viti na meza za watoto kutoka kwenye karakana moja ya samani, wakatupa kwanza profoma, tukalipa kitangulizi, na wiki hii wameleta karatasi ambayo nainakili hapa kama ilivyo, isipokuwa majina:

Ankara Na. 0187
Tarehe: 3 Machi
Kumbukumbu: Profoma Na. 0092
TIN na VRN ya muuzaji (zote mbili zimeandikwa)
Viti vya watoto: 40 × 22,000 = 880,000
Meza: 4 × 65,000 = 260,000
Usafiri: 1 × 60,000 = 60,000
Jumla ndogo: 1,200,000
VAT 18%: 216,000
Jumla kuu: 1,416,000
Kitangulizi kilichopokelewa: 500,000
Kiasi kinachodaiwa: 916,000
Malipo ndani ya siku 30. Mwisho 2 Aprili.
Chini kabisa kuna jina la benki, namba ya akaunti na jina la mwenye akaunti.

Tulikubaliana 1,200,000, na hiyo ndiyo bajeti niliyowasilisha kwa kamati ya wazazi. Sasa naona namba tatu kubwa tofauti na sijui ipi ndiyo ninayodaiwa. Pia mjumbe mmoja wa kamati anasema karatasi hii ni ushahidi kwamba tumeshalipa, kwa kuwa ina muhuri wa muuzaji. Naomba mwenye uelewa anipitishe sehemu moja baada ya nyingine.

Daftari_Kuu

Karibu sana, Mama Mlezi. Nianze na la mjumbe wenu, kwa sababu likieleweka vibaya mengine yote yatapinda. Ankara ni dai. Muuzaji anasema: nimekupatia hivi, kwa bei hii, na ninasubiri kiasi hiki kufikia tarehe hii. Muhuri unaonyesha tu kwamba dai limetoka kwake. Uthibitisho wa kulipa ni risiti, na kwa mfanyabiashara anayetumia mashine ya EFD, risiti hiyo ni ile yenye namba ya uhakiki na alama ya QR, ambayo unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya TRA, verify.tra.go.tz.

Kwa kuwa ni dai, kila sehemu yake ina kitu cha kulinganishwa nacho, na hivyo ndivyo ninavyokushauri uisome. Sehemu ya juu unailinganisha na mtu uliyefanya naye biashara: jina, anuani, TIN yenye tarakimu tisa. Jina la chekechea yenu pia liwe sahihi, kwa sababu ankara iliyoandikwa kwa jina lako binafsi itakusumbua siku kamati au mkaguzi atakapouliza nani alinunua viti. Namba 0187 ni ya muuzaji, naye hatakiwi kuitumia mara mbili. Ikija karatasi nyingine ya viti hivi hivi yenye namba tofauti, usiichukulie kama ukumbusho, kwa maana kwenye vitabu vyake hayo ni madai mawili, na umuulize kabla hujaiweka kwenye faili. Neno "Profoma Na. 0092" linakuambia dai hili limetokana na makubaliano gani. Itoe profoma hiyo uiweke pembeni, maana tutaihitaji tukifika kwenye VAT.

Mistari ya katikati, yaani viti, meza na usafiri, unailinganisha na mzigo uliopokea, si na ulioagiza. Hapo kuna swali kwako: je, vilifika viti arobaini?

Msomaji_Nakuru

Hujambo dada. Mimi niko Nakuru, na kwa haraka niliyoiona ankara hiyo haina alama ya QR, kwa hiyo ni batili na hufai kuilipa. Tangu Januari 2024, kwa kawaida mfanyabiashara hawezi kuhesabu gharama kwenye kodi yake bila ankara ya eTIMS. Mwambie muuzaji akutolee ankara halali kwanza. Halafu VAT ni asilimia 16, si 18, hapo wamekuzidishia.

Daftari_Kuu

Ndugu yangu wa Nakuru, unayosema ni ya kweli kwa Kenya, ambako eTIMS ni mfumo wa KRA na kiwango cha kawaida cha VAT ni 16. Mama Mlezi yuko Tanzania Bara, ambako kiwango cha kawaida ni 18 na mfumo wetu ni wa EFD. Ankara ya kuchapa ya hapa kwetu kwa kawaida haina QR, na hilo haliifanyi isiwe dai la kweli. Kinachotakiwa kuwa na QR ni hati ya EFD, ambayo muuzaji anapaswa kukupa. Wazo lako la kudai hati inayotambulika na mamlaka ya kodi ni zuri, ila hapa linaangukia kwenye karatasi nyingine.

Binti_Hesabu

Shikamoo Mzee Daftari. Naomba kuongeza jambo kwenye hilo la EFD, kwa sababu wengi huambiwa kwamba risiti ya EFD hutolewa baada ya kumaliza kulipa tu. Sheria ya VAT ya 2014 inasema kodi inahesabika kwa tukio linalotangulia kati ya ankara kutolewa, malipo kupokelewa hata kama ni sehemu tu, au mzigo kukabidhiwa. Huyu muuzaji alishapokea kitangulizi cha 500,000 na mzigo ameshaukabidhi. Kwa maoni yangu, Mama Mlezi angekuwa tayari ana hati ya EFD mkononi, angalau ya kile kitangulizi.

Daftari_Kuu

Marahaba, binti. Kwa jinsi sheria ilivyoandikwa uko sahihi, na mimi pia ningeidai. Huku mitaani wafanyabiashara wengi wanaouza kwa mkopo huchelewesha kutoa risiti mpaka waone fedha, kwa kuogopa kulipia kodi ya mauzo ambayo mteja hajayalipa, na nimekutana hata na wahasibu wenzangu wanaoutetea utaratibu huo. Sikubaliani nao, lakini sitamwambia Mama Mlezi azuie malipo yote kwa sababu hiyo. Aanze kwa kuomba risiti ya kile kitangulizi.

MwanaStoo

Naomba nirudi kwenye swali la viti, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotelea na watu hukimbilia kwenye kodi. Mimi hupokea mizigo kila siku. Mzigo ukiletwa, dereva huwa na hati ya kupokelea anayokutaka uisaini, nawe hubaki na nakala. Dada, nakala hiyo unayo? Na uliposaini, uliandika chochote?

Mlezi_Kihonda

Ninayo, na sasa ndiyo naona umuhimu wake. Vilishushwa viti arobaini, lakini viwili vilikuwa na miguu iliyopasuka kuanzia pale inapoungana na kikalio, kiasi kwamba mtoto angekaa angeanguka. Mwalimu aliyepokea alivirudisha kwenye gari, akaandika kwa kalamu "vimepokelewa 38, 2 vimerudi, vimepasuka", kisha yeye na dereva wakasaini. Hatujaletewa vingine.

MwanaStoo

Huyo mwalimu amewaokolea fedha. Angesaini bila kuandika neno, leo mngekuwa mnabishana kwa mdomo. Ankara inadai viti 40, na hati iliyosainiwa na dereva wao wenyewe inasema 38. Kwa hiyo mstari wa kwanza hauko sawa. Yamkini aliyeandika ankara ofisini aliinakili kutoka kwenye profoma bila kuiona hati iliyorudi na gari, jambo linalotokea sana na si lazima pawe na nia mbaya.

Daftari_Kuu

Ndivyo hasa. Tufanye hesabu polepole. Viti viwili kwa 22,000 ni 44,000. Ukiviondoa, jumla ndogo inashuka kutoka 1,200,000 hadi 1,156,000. VAT inahesabiwa juu ya jumla ndogo, kwa hiyo nayo lazima ishuke: asilimia 18 ya 1,156,000 ni 208,080. Jumla kuu inakuwa 1,364,080, na ukitoa kitangulizi cha 500,000 unabaki na 864,080. Tofauti na ankara yao ni 51,920, yaani 44,000 ya viti na 7,920 ya kodi yake. Watu wengi hukata bei ya bidhaa tu wakaisahau kodi iliyopanda juu yake, na hapo huwa wamelipia kodi ya kitu ambacho hawakukipata.

Ila usikate mwenyewe kimyakimya ukalipa pungufu. Kwenye vitabu vyao utaendelea kuonekana mdaiwa wa 51,920, na baada ya miezi kadhaa atapiga simu mtu asiyejua habari za miguu kupasuka. Waandikie, ambatisha nakala ya hati ya mapokezi, na uwaombe ama wakuletee viti viwili vizima, ama wakupe krediti noti, ambayo ni karatasi ya muuzaji inayotaja ankara 0187 na kupunguza dai lake kwa kiasi hicho. Mna haki ya kuzungumza nao kuhusu kipi kati ya hivyo viwili kichaguliwe, na kama mnavihitaji viti kwa watoto, basi huenda kuletewa vizima kuna maana zaidi.

DukaBora

Mnazunguka sana. Chekechea ni elimu, na elimu imesamehewa VAT. Futa huo mstari wa 216,000 wote, mama. Isitoshe wewe hujasajiliwa VAT, kwa hiyo hupaswi kutozwa. Lipa 1,200,000 yako mliyokubaliana na yaishe.

Binti_Hesabu

Kaka DukaBora, sehemu ya kwanza ni kweli lakini hitimisho si sahihi. Msamaha uko kwenye huduma ya elimu ambayo chekechea inawauzia wazazi, ndiyo maana hawaongezi VAT kwenye ada. Viti si elimu. Viti ni samani, na muuzaji wa samani aliyesajiliwa anatakiwa kutoza VAT bila kujali mnunuzi ni nani. Na hilo la mnunuzi kutosajiliwa linamwumiza zaidi badala ya kumsaidia: kampuni iliyosajiliwa ingeweza kuidai kodi hiyo kwenye ritani yake, ilhali chekechea haiwezi, kwa hiyo kwao VAT ni sehemu ya gharama ya viti na ilipaswa kuwamo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Usajili unaotazamwa hapa ni wa muuzaji. Ndiyo sababu ya kuwepo kwa ile VRN, yaani namba ya usajili wa VAT, karibu na TIN. Asiyekuwa na VRN haruhusiwi kutoza VAT hata shilingi moja, na wapo wafanyabiashara wadogo wengi ambao hawajafika kwenye kiwango cha lazima cha kusajiliwa, ambacho tangu Julai 2023 ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Ukiona ankara ina mstari wa VAT lakini ina TIN peke yake, hapo ndipo pa kusimama na kuuliza.

DukaBora

Sawa, kuhusu VRN nimekuelewa. Lakini bado nauliza, kama walikubaliana 1,200,000, muuzaji anapata wapi ujasiri wa kuongeza 216,000 juu yake? Mimi dukani kwangu nikitaja bei ndiyo hiyo hiyo.

Daftari_Kuu

Hilo ni swali zuri, na jibu lake halimo kwenye ankara, limo kwenye profoma. Mama Mlezi, tafadhali itazame hadi mstari wa mwisho. Je, inasema bei zimejumuisha VAT, hazijajumuisha, au imekaa kimya?

Nieleze kwa nini nauliza. Ikiwa 1,200,000 ilikuwa imejumuisha kodi, muuzaji angetakiwa kugawa kwa 1.18, apate kama 1,016,949 ya bidhaa na 183,051 ya kodi, na jumla ingebaki ile ile 1,200,000. Ikiwa haijajumuisha, kodi inapanda juu na kufika 1,416,000. Kwa mnunuzi asiyeweza kuidai kodi, kifungu kimoja cha maneno madogo chini ya karatasi kina thamani ya shilingi 216,000.

Mlezi_Kihonda

Nimeitazama. Chini kabisa, kwa maandishi madogo sana, imeandikwa "Bei hazijajumuisha VAT." Sikuliona hilo tulipoipeleka kwenye kamati. Sina la kubishana, nitalazimika kurudi kwa wazazi na kuwaeleza.

Fundi_Umeme_Dom

Jamani samahani, nami nina la kwangu kuhusu ankara. Niliifungia kampuni moja nyaya za umeme, nikawaandikia ankara ya ufundi 1,000,000, wao wakanilipa 950,000. Mimi sina VAT. Nikiuliza wanasema wamekata kodi. Sasa huyu mama naye akate asilimia tano kabla ya kulipa, au mimi nimeibiwa?

Daftari_Kuu

Ndugu Fundi, kwa maelezo yako hujaibiwa, ila huenda kuna kitu hujapewa. Hiyo ni kodi ya zuio. Kampuni inapolipia huduma kama ya kwako kwa mkazi wa nchini, hukata asilimia 5, ikaipeleka TRA kwa jina lako na TIN yako, na wewe hupewa cheti cha zuio ili kiasi hicho kihesabiwe kwenye kodi yako ya mapato ya mwaka. Waombe cheti. Wakishindwa kukitoa, hapo ndipo mashaka yanaanza. Kwa Mama Mlezi, sehemu kubwa ya ankara yake ni bidhaa, na suala la ule mstari wa usafiri pamoja na hadhi ya chekechea yake kama mkataji linahitaji alizungumze na ofisi ya TRA ya Morogoro. Sitaki kulikatia shauri hapa bila kuona usajili wao.

Binti_Hesabu

Mama, kuna sehemu hatujaigusa nayo ni tarehe. Ankara imeandikwa tarehe 3 Machi, na siku 30 kutoka hapo zinaishia 2 Aprili, kama walivyoandika. Lakini umesema imeletwa wiki hii. Uliipokea lini hasa?

Mlezi_Kihonda

Tarehe 12. Dereva aliyeleta viti hakuwa nayo, ililetwa baadaye na kijana wa pikipiki.

Binti_Hesabu

Basi kwangu mimi siku 30 zingeanza tarehe 12, na mwisho ungekuwa 11 Aprili. Si haki muuzaji akae na karatasi siku tisa kisha siku hizo zihesabiwe kwako.

Daftari_Kuu

Hapo tutatofautiana kidogo, binti. Ankara imetaja tarehe ya mwisho waziwazi, na maneno "ndani ya siku 30" yakiandikwa bila maelezo zaidi, wafanyabiashara wengi huhesabu kuanzia tarehe ya ankara. Tazameni pia kama profoma ilisema lolote kuhusu muda. Ninachoshauri ni Mama Mlezi aandike juu ya karatasi "imepokelewa 12 Machi" na kusaini, kisha aombe kusogezewa tarehe katika barua ile ile ya viti viwili. Dai lenye kasoro linalosubiri kurekebishwa ni sababu nzuri ya kuomba muda.

MwanaStoo

Na sehemu ya chini je? Dada, jina la mwenye akaunti ni la karakana au la mtu? Nauliza kwa sababu pale nilipokuwa nikifanya kazi zamani, tuliletewa ankara nzuri kabisa, kila kitu sahihi, isipokuwa namba ya akaunti. Mtu aliinasa kwenye barua pepe, akabadilisha mstari huo mmoja na kuituma tena. Fedha zilikwenda kwa asiyejulikana, na muuzaji wa kweli aliendelea kudai.

Mlezi_Kihonda

Umenishtua. Profoma ina akaunti yenye jina la karakana, na hiyo ndiyo tuliyoilipa kitangulizi. Ankara ina jina la mtu binafsi, benki tofauti.

MwanaStoo

Basi usilipe kwanza. Usipige simu iliyoandikwa kwenye ankara hiyo, piga ile iliyokuwa kwenye profoma, au afadhali nenda karakana ukaonane na mwenyewe ana kwa ana, kwa kuwa hamko mbali. Hata kama ni ndugu yake au mshirika wake, fedha za wazazi zilipwe kwenye akaunti ya biashara iliyokudai.

Mlezi_Kihonda

Narudi na majibu. Nimekwenda karakana leo mchana nikiwa na profoma, ankara na hati ya mapokezi. Mwenyewe ameiona ile "38" ya dereva wake na hakubisha. Amesema viti vya aina hiyo hana tena kwa sasa, kwa hiyo amenipa krediti noti ya 51,920 inayotaja ankara 0187, na risiti ya EFD ya kitangulizi, ambayo nimeihakiki kwenye simu ikaonekana. Kuhusu akaunti, amesema ni ya mdogo wake anayesimamia mauzo, na kwamba "haina shida." Nimemwambia kamati hairuhusu, naye ameandika kwa mkono akaunti ile ya kwanza, akasaini na kugonga muhuri. Tarehe ya mwisho amekataa kuisogeza. Nitalipa 864,080 kabla ya 2 Aprili, kamati ikiridhia kiasi cha VAT. Je, ninapolipa kuna la kuandika?

Daftari_Kuu

Hongera kwa kufuatilia. Kwenye sehemu ya maelezo ya muamala andika "Ankara 0187 pungufu krediti noti" pamoja na namba ya hiyo krediti noti, ili mhasibu wao asiuone kama malipo pungufu. Chukua na hati ya EFD ya mauzo yaliyobaki, uangalie kwamba inalingana na kiasi kilichorekebishwa na si kile cha mwanzo. Kisha bana pamoja profoma, hati ya mapokezi, ankara, krediti noti na risiti zote mbili, zikae kwenye faili kwa mpangilio huo.

Fundi_Umeme_Dom

Nami nimewapigia kuhusu cheti cha zuio. Wanasema mhasibu yuko likizo. Nitaleta mrejesho akirudi.